Picha 46 za Dumuzi Mmoja

Dumuzi anayetafuna mahindi ghalani ni mdudu wa milimita 3 hadi 4.5 tu. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Tanzania alianza kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hasara aliyoileta ilikuwa nzito kiasi kwamba wakulima wengine walimpachika jina la skania. Wataalamu wanamwita Prostephanus truncatus.

Bwana shamba anayeletewa mdudu wa namna hii kwenye kiganja hutazama sehemu mbili. Kwanza hutazama nyuma: magamba yanayofunika mabawa huteremka ghafla, mkia ukawa umekatika wima na kingo zake zikaonekana za mraba. Dumuzi mdogo, ambaye ana milimita 2 hadi 3 na pia hushambulia nafaka, ana mkia wa mviringo. Kisha hutazama mbele: kichwa kimejificha chini ya gamba la kifua, na gamba hilo limejaa vijino. Picha nzuri ya utambuzi ni ile inayoonyesha mkia na vijino kwa pamoja, vyote bayana, ili mtu aliye mbali aweze kusema bila kubahatisha huyu ni nani.

Hapo ndipo kamera inapogoma. Ukilenga mkia, kifua kinakuwa ukungu. Ukilenga kifua, mkia unapotea. Kubadilisha kamera kwa nyingine ya bei kubwa hakusaidii, kwa sababu tatizo halitokani na ubora wa kamera bali na tabia ya mwanga unapopita kwenye lenzi. Wapiga picha wa vitu vidogo wanalikwepa kwa kupandanisha fokasi: wanapiga picha nyingi za kitu kilekile, kila moja ikilenga umbali tofauti kidogo, halafu kompyuta inachukua sehemu iliyo bayana katika kila picha na kuziunga ziwe picha moja.

Makala haya yanafuata kazi hiyo kwa dumuzi mmoja, kuanzia anapogundishwa kwenye pini hadi picha inapokamilika. Kitakachojitokeza ni kwamba kompyuta ina sehemu ndogo ya kazi kuliko watu wanavyodhani. Picha hufaulu au kuharibika pale mezani, kabla programu haijafunguliwa.

Kwa nini kitu kidogo kina ukungu mwingi

Lenzi inaweza kulenga umbali mmoja tu kwa wakati mmoja. Kitu kilicho kwenye umbali huo hasa huchorwa kwenye kihisi cha kamera kwa nukta ndogo kabisa. Kitu kilicho mbele au nyuma kidogo huchorwa kwa duara. Duara likiwa dogo sana, jicho haliligundui, na tunasema sehemu hiyo nayo iko bayana. Likikua, tunaona ukungu. Nafasi ya mbele na nyuma ambayo jicho bado linaikubali ndiyo kina cha ubayana.

Ukipiga picha ya familia uwanjani, kina hicho huhesabiwa kwa mita. Kadiri unavyosogea karibu na kukuza zaidi, kinapungua kwa kasi. Chukua kamera ya kawaida yenye kihisi cha upana wa milimita 23.5 na pikseli milioni 24, yaani 6000 kwa 4000. Ifunge lenzi ya makro inayoweza kukuza mara 2, maana yake mdudu wa milimita 4 anachorwa kwenye kihisi akiwa na milimita 8. Weka tundu la lenzi kwenye f/5.6. Hapo kina cha ubayana ni takriban milimita 0.17, ambayo ni chini ya moja ya ishirini ya urefu wa dumuzi wetu.

Wazo la kwanza la kila mpiga picha ni kuziba tundu la lenzi. Tundu likiwa dogo, kina kinaongezeka, na hilo ni kweli. Kwenye f/16 kina cha dumuzi huyu kinafika karibu nusu milimita. Lakini kwa pembe tutakayompigia, tunahitaji milimita 3.5. Ukipiga hesabu, ingebidi tundu lizibwe hadi f/117, na lenzi za aina hii hazifiki huko.

Hata kama zingefika, picha ingeharibika kwa sababu nyingine. Mwanga unapobanwa kwenye tundu dogo hutawanyika, na nukta iliyotakiwa kuchorwa ndogo inavimba hata pale ulipolenga sawasawa. Unapokuza mara 2, lenzi iliyowekwa f/16 inafanya kazi kama iliyozibwa hadi f/48, kwa sababu imesogea mbali na kihisi. Hapo nukta moja ya mwanga inaenea kwenye pikseli kama 16 kwa upana. Vijino vya kifuani havina ukungu wa fokasi tena, ila picha yote imekuwa laini, na hakuna programu itakayorudisha kilichopotea.

Kwa hiyo unabaki na njia moja: acha tundu wazi kiasi, kwenye f/5.6 ambako lenzi nyingi za makro hutoa picha safi, kubali kupata kipande chembamba kwa kila picha, na upige vipande vya kutosha.

Kumtayarisha mdudu

Kazi hii haifanyiki kwa mdudu anayetembea. Dumuzi aliyetoka ghalani huwekwa kwenye friza usiku mzima, kisha huachwa nje mpaka umande wote ukauke. Usiharakishe hatua hii. Mdudu aliyetoka kwenye baridi hubadilika polepole anapopata joto: papasi zinalegea, mguu unajikunja. Macho yako hayataona mabadiliko hayo, lakini katika upigaji wa dakika ishirini programu itayaona, na itakuchorea mguu uleule mara mbili.

Dumuzi ana adha nyingine ya pekee. Anapotoboa mahindi huacha unga mwingi, na unga huo hujaa kwenye vishimo vya magamba yake. Kwa macho ni mdudu wa kahawia iliyokoza. Akikuzwa mara 2 anaonekana ametoka mashineni. Brashi laini ya rangi za maji, namba ndogo kabisa, ikichovywa kwenye spiriti na kukamuliwa, huondoa sehemu kubwa ya unga huo. Piga brashi kutoka mbele kwenda nyuma, ili usivunje papasi, kisha mwache akauke saa nzima.

Baada ya hapo kata pembetatu nyembamba ya karatasi ngumu, tia tone dogo la gundi nyeupe kwenye ncha, na mgundishe mdudu kwa ubavu wa chini. Pembetatu hiyo hupitishwa kwenye pini, na pini huchomwa kwenye kipande cha sponji gumu au kizibo. Wataalamu wa wadudu hutumia njia hiyohiyo kwenye makumbusho, na faida yake kwetu ni kwamba mdudu anaweza kuzungushwa bila kuguswa. Mgeuze hadi kamera imwone kutoka nyuma na juu kidogo, mkia ukiwa karibu na lenzi na mwili ukienda mbali kwa pembe ya nyuzi 45. Kwa mkao huo mkia na vijino vya kifua vinaonekana pamoja.

Mwanga nao una mtego. Magamba ya dumuzi yanang'aa, na taa ikimpiga moja kwa moja, kila kishimo kinarudisha cheche nyeupe. Kata tako la kikombe cheupe cha plastiki, kile cha mtindi, mzungushie mdudu, na uweke taa mbili nje ya kikombe. Mwanga ukipenya plastiki unasambaa, na maumbo ya magamba yanajitokeza bila cheche. Cheche hizo zina madhara zaidi ya kuchukiza macho. Katika picha ambazo hazijalenga sawasawa, cheche hugeuka duara kubwa lenye ukingo mkali, na programu inaweza kudhani ukingo huo ni sehemu bayana ya mdudu.

Hesabu ya hatua

Sasa kamera inatakiwa kusogea hatua ndogo zilizo sawa. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuacha kamera mahali pake na kuzungusha pete ya fokasi. Ya pili ni kuifunga kamera kwenye reli ndogo yenye skrubu na kuisogeza yote. Kwa kitu kikubwa kama ua la mwembe au konokono, pete inatosha na ni rahisi. Ukifika ukuzaji wa mara 1 na kwenda juu, pete inakuwa kazi ngumu, kwani mguso mdogo wa kidole unaruka hatua tatu. Hapo reli ndiyo inayofaa.

Kamera nyingi za miaka ya karibuni zina uwezo wa kujisogezea fokasi zenyewe. Unaiambia idadi ya picha na ukubwa wa hatua, kisha unakaa pembeni. Ni msaada mkubwa, ila zinahitaji lenzi yenye mota, na ukubwa wa hatua mara nyingi huandikwa kwa namba isiyo na kipimo, 1 hadi 10 kwa mfano. Inabidi ujaribu kwa rula iliyolazwa mshazari ili ujue namba 3 ya kamera yako ni milimita ngapi.

Kwa dumuzi tunatumia reli ya mkono. Skrubu za baadhi ya reli hizi ni za M6, na skrubu ya kawaida ya M6 husogea milimita 1 kwa mzunguko mmoja. Kata duara la karatasi, ligawe sehemu 10 sawa kwa kalamu, ligundishe nyuma ya kishikio cha skrubu, na uchore mshale kwenye sehemu isiyozunguka. Sasa kila alama ni milimita 0.1. Kama reli yako ni ya aina nyingine, zungusha kishikio mara kumi, pima kamera imesogea kiasi gani, na ugawanye kwa kumi.

Kwa nini milimita 0.1 wakati kina cha ubayana ni 0.17? Kwa sababu vipande vinatakiwa kuingiliana. Mwisho wa kipande kimoja ubayana wake umeshaanza kupungua, na kipande kinachofuata kinatakiwa kiwe kimeshaanza kabla haujapotea. Ukitumia hatua ya 0.17 kamili, viungo vitaonekana. Ukitumia 0.05, huharibu kitu, ila unaongeza picha mara mbili bila faida inayoonekana. Kanuni inayofaa kwa kazi nyingi ni hatua isiyozidi theluthi mbili za kina.

Hesabu yenyewe ni hii. Dumuzi wa milimita 4 aliyelala kwa nyuzi 45 anachukua kina cha milimita 2.8. Ongeza upana wa mwili na miguu inayotokeza, unapata 3.5 hivi. Anza nusu milimita kabla ya sehemu iliyo karibu zaidi na uishie nusu milimita baada ya sehemu ya mbali zaidi, kwa sababu ukikosa ncha ya mguu wa mwisho utarudia kazi yote. Jumla ni milimita 4.5, yaani hatua 45, na kwa kuwa picha ya kwanza hupigwa kabla ya hatua yoyote, zinakuwa picha 46.

Mezani

Zima fokasi ya otomatiki na kitulizi cha mtikisiko. Weka kila kitu kwa mkono: ISO 100, f/5.6, muda wa mwanga, na rangi ya mwanga. Kamera ikiachiwa ijipangie hata kimoja kati ya hivyo, picha ya 20 itakuwa nyeupe kuliko ya 19, na mpaka wa hizo mbili utaonekana mgongoni mwa mdudu. Piga kwa mfumo wa picha ghafi ikiwezekana, na utumie rimoti au kipima muda cha sekunde 2 ili mkono usiguse kamera.

Adui mkubwa wa hatua hii ni mtikisiko. Unapokuza mara 2, mtikisiko wa maikroni 10, ambao ni moja ya mia ya milimita, unahamisha picha kwa pikseli tano kwenye kihisi. Feni ya dari inatosha kuuleta. Hali kadhalika mtu anayetembea kwenye sakafu ya mbao, lori linalopita, au jokofu linaloanza kunguruma. Meza nzito kwenye sakafu ya saruji, ghorofa ya chini, usiku, ni mazingira mazuri. Afadhali zaidi ni kutumia flashi kwenye chumba chenye giza, kwa sababu mwako wake ni mfupi sana na mtikisiko haupati nafasi ya kujichora. Ukitumia taa za kawaida, hakikisha hazipepesi, na utumie shata ya kielektroniki kama kamera inayo.

Sogeza skrubu mpaka unaona ukingo wa mkia ndio unaanza kuwa bayana kwenye skrini, kisha rudi nyuma nusu mzunguko. Baada ya hapo, nenda upande mmoja tu hadi mwisho. Skrubu zote zina ulegevu kidogo, na ukirudi nyuma katikati ya kazi, alama ya kwanza utakayozungusha haitasogeza chochote. Utapata picha mbili za mahali pamoja na pengo mahali pengine. Zungusha alama moja, toa mkono, subiri sekunde tatu, piga. Zungusha, subiri, piga. Usisahau kuacha nafasi pembezoni mwa mdudu, kwani kamera inaposogea mbele ukubwa wake kwenye picha unabadilika kidogo, na programu italazimika kukata kingo ili picha zilingane.

Ukimaliza, usibomoe mpangilio. Pitisha picha zote haraka kwenye skrini ya kompyuta. Unatakiwa kuona ukanda bayana ukitembea kutoka mkiani, juu ya mgongo, hadi kwenye vijino vya kifua, bila kuruka. Ukanda ukiruka mahali, hatua ilikuwa kubwa. Mdudu akihama ghafla kushoto au kulia, kuna kilichoguswa. Kuna kosa la tatu ambalo watu hulipita: kama hakuna picha hata moja ambayo sehemu fulani iko bayana kabisa, kulikuwa na mtikisiko, na programu haiwezi kuutoa ubayana usiokuwepo.

Kompyuta inafanya nini hasa

Programu hufanya kazi mbili. Kwanza inalinganisha: inakuza, inapunguza, inasogeza na kuzungusha kila picha mpaka mdudu akae mahali palepale katika zote 46. Pili inachagua. Kwenye kila sehemu ya picha inapima tofauti ya pikseli na jirani zake. Palipo ukungu, pikseli jirani zinafanana. Palipo bayana, zinatofautiana sana. Ni kazi ya ungo: inapepeta picha 46 mahali kwa mahali, inabakiza punje na kuacha chuya.

Namna ya kuchagua ndiyo inayotofautisha programu. Njia moja hutengeneza ramani ya kina, yaani inaamua mahali hapa ni picha namba 17, pale ni namba 18, kisha inachukua pikseli kutoka humo. Inatunza rangi na ulaini wa magamba vizuri, lakini inashindwa pale vitu viwili vya umbali tofauti vinapopishana, kama papasi inayokatiza mbele ya kifua. Ramani haiwezi kuwa na namba mbili mahali pamoja, na matokeo yake ni ukungu unaozunguka papasi yote.

Njia nyingine inaigawa kila picha katika tabaka, kuanzia maumbo makubwa hadi chembe ndogo kabisa, inachagua katika kila tabaka, kisha inaziunga upya. Msingi wake ni kazi ya Peter Burt na Edward Adelson iliyochapishwa 1983. Njia hii inazimudu papasi, vinyweleo na miguu inayopishana, ila inakuza chengachenga za picha na kuongeza ukali wa rangi kuliko ilivyokuwa. Katika Zerene Stacker njia hizi mbili huitwa DMap na PMax. Helicon Focus ina tatu, A, B na C, na C ndiyo ya tabaka. Wapiga picha wengi wa wadudu huendesha zote mbili, huchukua picha ya ramani kwa ajili ya mwili, kisha huhamisha papasi na miguu kutoka picha ya tabaka kwa brashi ya programu.

Asiye na fedha ya kununua programu ana njia ya bure. Kifurushi cha Hugin kina zana ya kulinganisha, na Enfuse inachagua na kuunga. Picha ghafi zikishageuzwa kuwa TIFF kwa mipangilio ileile, amri ni mbili:

```
align_image_stack -m -a panga_ dumuzi*.tif
enfuse --exposure-weight=0 --saturation-weight=0 --contrast-weight=1 --hard-mask --output=mwisho.tif panga_*.tif
```

Amri ya kwanza inalinganisha picha, na alama ya `-m` inaiambia izingatie kwamba ukubwa wa mdudu unabadilika. Ya pili inaiambia Enfuse isijali mwanga wala rangi, ipime tofauti ya pikseli peke yake, na kila mahali ichukue picha moja iliyo bora badala ya kuchanganya kadhaa. Andaa nafasi kwenye diski. TIFF moja ya biti 16 kutoka kamera ya pikseli milioni 24 ina megabaiti 144, kwa hiyo picha 46 ni zaidi ya gigabaiti 6, na zikishalinganishwa zinazidi mara mbili ya hapo. Kompyuta ikilemewa, tumia biti 8 au punguza ukubwa wa picha nusu.

Kusoma makosa

Picha iliyokamilika huonekana nzuri ukiitazama kwa mbali, kwa hiyo ikuze hadi pikseli zake halisi na uipitie polepole kuanzia mkia. Kila kosa lina sura yake na chanzo chake.

Mistari ya ukungu inayokatiza mgongo kwa nafasi sawa maana yake hatua zilikuwa kubwa. Dawa ni kupiga upya kwa hatua ndogo. Ukungu wa mstari mmoja tu, mahali pamoja, ni picha moja iliyorukwa au iliyotikisika.

Mwanga hafifu unaozunguka mguu au papasi, hasa mbele ya mandhari nyeusi, ni kosa la kuchagua, na linarekebishwa kwa kuhamisha sehemu hiyo kutoka kwenye picha moja asilia iliyolenga mahali hapo. Mguu uliochorwa mara mbili maana yake mdudu alisogea. Ukiona hivyo kwenye papasi peke yake, hakuwa amekauka.

Kuna kosa moja ambalo humshangaza mgeni: msururu wa vidoa vidogo vyeusi vilivyojipanga mstari kutoka katikati ya picha kuelekea pembeni. Hakuna mdudu wala uchafu wa namna hiyo mezani. Hiyo ni chembe moja ya vumbi iliyokaa kwenye kihisi. Katika kila picha chembe hiyo iko palepale, lakini programu ilipokuwa ikikuza na kupunguza picha ili mdudu alingane, ilikuwa ikiisogeza chembe, na kila mara ikaiona kuwa bayana. Safisha kihisi kabla ya kuanza, maana kufuta vidoa 46 kimoja kimoja ni kazi ya jioni nzima.

Mipaka yake

Kupandanisha fokasi kunaongeza kina, hakuongezi uwezo wa lenzi. Kama lenzi haikuweza kutenganisha vishimo viwili katika picha moja, picha mia hazitavitenganisha. Anayetaka kuona zaidi hana budi kukuza zaidi, na akikuza zaidi kina kinapungua na idadi ya picha inapanda. Mpiga picha Mwingereza Levon Biss alionyesha jambo hilo linaweza kufika wapi. Kwa maonyesho yake ya Microsculpture, yaliyofanyika 2016 katika makumbusho ya viumbe ya Chuo Kikuu cha Oksifodi, alimgawa kila mdudu sehemu karibu 30, akaipa kila sehemu mwanga wake, na kamera ikawa inasogea maikroni 10 kwa kila picha. Mdudu mmoja alitumia picha kati ya 8,000 na 10,000.

Bwana shamba hahitaji hayo. Anachohitaji ni mkia, vijino na kipimo. Kwa hiyo kabla hujabomoa mpangilio, mwondoe mdudu na upige picha ya rula pale alipokuwa, bila kugusa lenzi. Kwa kamera tuliyoitumia, fremu nzima ina upana wa milimita 11.75, kwa hiyo milimita moja ni pikseli kama 510, na dumuzi aliyelala sambamba na kihisi angechukua kama pikseli 2,040. Chora mstari wa milimita moja kwenye kona ya picha. Lakini huyu wetu amelala mshazari, kwa hiyo mstari huo haupimi urefu wake wote. Unapima vitu vilivyokaa sambamba na kihisi, kama upana wa mkia. Anayetaka urefu kamili ampige dumuzi picha nyingine kutoka ubavuni, na habari njema ni kwamba kwa ubavu kina ni milimita moja na ushee tu, kwa hiyo picha 25 hivi zinatosha.

Chini ya picha andika ukuzaji, idadi ya picha, ukubwa wa hatua, na kama kuna sehemu uliyohamisha kwa mkono. Hifadhi pia picha asilia, hata kama zinakula diski. Siku mtu akiuliza iwapo kile kijino cha tatu kipo kweli au kimezuliwa na programu, jibu litatoka kwenye picha moja kati ya zile 46, ile iliyolenga mahali hapo.